Dole moja kwa meseji ndefu: amekubali, kanuna, au hajasoma?

"Wakuu, nimemwandikia rafiki yangu meseji ndefu. Nimemkumbusha hela aliyonikopa, nikamuuliza kama ataweza kulipa mwisho wa mwezi, halafu mwishoni nikamwambia aliniumiza alivyonisema mbele za watu. Tiki za bluu zimewaka, kaweka 👍 basi. Amekubali au kanipuuza?"

Mkuu, kabla hujamhukumu, isome upya meseji yako mwenyewe. Ina mambo matatu ndani yake: ukumbusho, swali na donda. Dole linakaa chini ya meseji nzima, halichagui aya. Kwa ukumbusho linatosha, maana yake nimeona. Kwa swali la "utaweza?" linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa nimekusikia, tutaonana. Kwa donda ni jibu baridi hata kama aliyeliweka hana ubaya wowote. Mtu akikutana na meseji ya namna hiyo hajui aanzie wapi, anashika kilicho rahisi.

Mimi kazini ndiye napanga zamu, kwa hiyo nimeyala madole mengi. Nilichokiona ni kwamba dole lenyewe halina maana mpaka umjue mwenye kidole. Kuna mzee mmoja kwenye timu yetu anaweka dole kwa kila kitu, hata kwa taarifa ya msiba. Kwake ni adabu: asionekane amekaa kimya. Kuna dada mwingine kwa kawaida anaandika kirefu, na vicheko juu. Huyo siku akinijibu "Sawa." na nukta mwishoni, huwa nampigia simu kabla zamu haijaanza, kwa sababu mara nyingi kuna jambo limemkera. Kwa hiyo panda juu kwenye mazungumzo yenu. Ulipomwomba kitu zamani akaweka dole, je, alikitimiza?

Hilo si langu peke yangu, hata mahakama ilipima hivyo hivyo. Mwaka 2021 huko Saskatchewan, Kanada, mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa tani 87 za mbegu za kitani, akamwomba athibitishe. Mkulima akajibu 👍. Muda wa kupeleka mzigo ukafika, mzigo hakuna, na bei sokoni ilikuwa imepanda. Mkulima akajitetea kwamba dole lilikuwa na maana ya kuwa ameupata mkataba tu, si kwamba ameukubali. Mwaka 2023 jaji akamwamuru alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Kilichomfunga ni historia: mikataba ya nyuma alikuwa akiijibu kwa neno moja au mawili ya mkato tu, na mzigo anapeleka. Ila angalia tofauti na yako. Yeye aliulizwa jambo moja, tena aliombwa athibitishe. Wewe umeuliza jambo moja katikati ya mengine mawili.

Muda nao unasema kitu, ingawa usiuamini sana. Meseji ya kusoma dakika mbili ikipata dole baada ya sekunde tano, hajaimaliza. Tiki za bluu zinaonyesha kwamba ameifungua tu. Dole lililokuja saa nyingi baadaye huenda ni la mtu aliyeanza kuandika, akafuta, akaandika tena, akachoka. Na huyo si lazima awe amekasirika. Wengine wanaogopa kwamba wakiandika sentensi moja, utarudisha ukurasa mwingine (samahani, lakini meseji kama hiyo yako inatisha kidogo).

Ningekuwa wewe, nisingemuuliza "mbona unanijibu dole?" Hapo utaanzisha ugomvi juu ya dole, na hela ibaki huko huko. Ningetuma mstari mmoja usiojibika kwa kidole: "Ile hela utalipa yote tarehe 30, au nusu sasa na nusu mwezi ujao?" Hapo lazima achague. Akijibu "sawa" kwa swali la kuchagua, ndiyo ujue hajasoma au anakukwepa, na kwenye bajeti yako ya mwezi huu usiihesabu hiyo hela.

Lile la kukusema mbele za watu litenge kabisa na deni. Ukiyachanganya, anaweza kudhani maumivu umeyaleta ili kumsukuma alipe. Mpigie, au mngojee mkikutana, umwambie hilo peke yake. Kwenye simu hata akisema "sawa" utaisikia sauti: ya mtu anayejutia, au ya mtu anayetaka ukate.