Kuzimia juani: maji ya kunywa au ya kumwagia?

"Kibarua wetu amezimia juani tukimwaga zege. Tumpe maji au tumkimbize hospitali?"

Salamu, ndugu. Akizinduka, kwanza mwulize jina lake na mahali alipo. Februari, hapa Dar es Salaam, kwenye nyuzijoto 34, msaidizi wangu alianguka saa nane mchana, akawa anaropoka huku ngozi ikiwaka; hiyo ni dharura ya hospitali, wala si uchovu. Hatukumnywesha, kwa kuwa aliyechanganyikiwa hupaliwa. Tulimlaza kivulini, tukamvua buti na shati, tukammwagia mwili mzima maji ya kuchanganyia zege huku mwenzake akimpepea kwa kipande cha boksi, bila kukoma hadi gari lilipofika. Angejibu sawasawa, angekunywa kidogo kidogo.

Kosa lilikuwa langu: maji yalikuwa chini, sisi ghorofa ya tatu. Sasa ndoo hupanda nasi, na kila dakika 20 tunasimama kunywa kikombe.