Pele mu Blender: pistoni zijifuate zenyewe

Hapa Lubumbashi pele za mine tunaziona juu ya malori kila siku, kwa hiyo ukianime pele na pistoni zake ziko zinapotea njia, watu wanaona palepale. Ushauri wangu: usiweke keyframe ku pistoni hata moja. Wewe zungusha mifupa mitatu tu, mkono mkubwa, mkono mdogo na gode, ingine yote ifuate.

Tuchukue pistoni ya mkono mdogo. Silinda ina mfupa wake, unaanzia ku pini ya mkono mkubwa na mzazi wake njo mkono mkubwa. Chuma inayotoka ndani nayo ina mfupa, unaanzia ku pini ya mkono mdogo, na mzazi wake njo huo mkono mdogo. Kila mmoja unauwekea Damped Track, axis Y, uangalie pini ya mwenzake. Lakini usiuambie uangalie mfupa wa mwenzake wenyewe, juu hapo A inangojea B na B inangojea A, pistoni inaanza kutetemeka ao inachelewa, na ukifungua Blender kupitia terminal utaona imeandika "Dependency cycle". Ongeza mifupa miwili midogo pale ku pini, moja mtoto wa mkono mkubwa na ingine mtoto wa mkono mdogo, hiyo njo target. Vyuma vyenyewe uvifunge na Ctrl+P, Bone, bila weight, chuma haipindi.

Urefu hesabu mbele. Tuseme pini ziko mbali 1.2 m wakati imefunga, 2.0 m wakati imefunguka, silinda ina 1.1 m. Chuma ya 0.8 m itatoka kabisa, ncha itabaki inaelea 10 cm nje ya mdomo wa silinda. Weka 1.05 m, hapo 15 cm inabaki ndani, na ikifunga haigongi pini ya nyuma.

Gode ni kazi ingine, juu pistoni yake haisukumi gode moja kwa moja, inasukuma kwanza kifimbo kilichofungwa ku mkono mdogo, na kifimbo cha pili njo kinashika gode. Fanya mifupa miwili inayofuatana, ule wa pili uwekee IK, target ni mfupa mdogo wa pini ya gode. Chain Length andika 2! Ukiacha 0 IK inapanda mpaka ku mkono mkubwa, na gode ni mtoto wa ile mikono, unarudi mu cycle ileile. Vifimbo viwe vimepinda kidogo tangu mu Edit Mode, vikinyooka IK haijui ipinde upande gani. Kisha pistoni ya gode inafuata ncha ya kifimbo cha kwanza, kwa njia ileile ya Damped Track.

Mwisho zungusha gode polepole mpaka vifimbo vinyooke, rudi nyuma digri chache, na hiyo namba uiandike mu Limit Rotation ya gode, Local Space.