Kipimo kinapokataa kujaa: kuhesabu mapigo kwenye picha ya nota

"Mwalimu, kipimo cha pili kimekosewa. Waliochapa wameruka nota."

Mwanafunzi aliyeniambia hivyo alikuwa na picha kwenye simu. Ilionyesha karatasi ya mazoezi, mstari mmoja tu wa muziki, na chini yake agizo: jumlisha mapigo ya kila kipimo. Nimesahihisha karatasi za namna hii nyingi, na makosa ya uchapaji niliyoyakuta ni machache. Mara nyingi picha ndiyo imemeza kitu. Uzuri wake ni kwamba kiasi kinachopungua hukudokezea kilichomezwa, ila uwe umehesabu kwa njia inayoonyesha upungufu huo waziwazi.

Kwanza hakikisha unajua unachotafuta. Zile tarakimu mbili zilizopandana mwanzoni, alama ya mapigo, huandikwa mara moja tu pale muziki unapoanza, na hazirudiwi hadi mapigo yabadilike. Ufunguo hurudi kila mstari, tarakimu hazirudi. Kwa hiyo ukipigiwa picha ya mstari wa pili wa ukurasa, usishangae kuzikosa. Omba picha ya mstari wa kwanza. Na ukikuta herufi C mahali pake, hiyo ni 4/4. C iliyokatwa kwa mstari wima ni 2/2.

Picha ya mwanafunzi wangu ilikuwa na 3/4. Tarakimu ya chini inataja nota inayohesabiwa kuwa pigo moja, hapa robo nota, na ya juu inasema ziko ngapi katika kila kipimo, au baa kama wanakwaya wengi wanavyosema. Majina yanatofautiana: mimi nasema nota nzima, nusu, robo, thumuni na nusu thumuni; waliofundishwa kwa majina ya Kiingereza watakuambia semibrevu, minimu, krocheti, kwaveri na semikwaveri. Chagua moja ukae nalo.

Sasa hesabu. Wanaoanza hupenda kujumlisha sehemu: moja na nusu, jumlisha nusu, jumlisha robo, na kufikia nota ya nne wamepotea. Mimi huangalia nota ndogo kuliko zote katika mstari na kuifanya senti yangu. Katika picha ile kulikuwa na nusu thumuni, zile zinazofungwa kwa mistari minene miwili. Basi nusu thumuni ni 1, thumuni ni 2, robo ni 4, nusu ni 8. Nukta ubavuni mwa nota huiongezea nusu ya thamani yake, kwa hiyo robo yenye nukta ni 6. Kipimo kizima cha 3/4 ni robo tatu, yaani 12. Ukimaliza, gawanya kwa 4 upate mapigo ya kuandika kwenye jibu.

Mstari wenyewe ulianza na robo nota moja peke yake kabla ya mstari wima wa kwanza. Hiyo ni 4, si 12. Iandike hivyo hivyo uiache pembeni, nitairudia. Kipimo cha kwanza kamili kilikuwa na robo yenye nukta, thumuni, robo: 6 na 2 na 4, jumla 12. Cha pili kilikuwa na robo, thumuni, robo: 4 na 2 na 4, jumla 10.

Pungufu ni 2. Jiulize, 2 ni nini hapa? Inaweza kuwa thumuni nzima iliyopotea, au alama yake ya kimya. Lakini 2 pia ni nusu ya robo, na nusu ya nota ndiyo thamani ya nukta. Kati ya kupotea nota yenye kichwa na kijiti, na kupotea kidoti kidogo kama ncha ya kalamu, kidoti ndicho cha kwanza kushukiwa.

Nukta ya nani, basi? Hesabu haijibu, kwa sababu robo yoyote kati ya zile mbili ikipewa nukta jumla inafika 12. Hapo nilimwambia akuze picha. Robo ya kwanza ilikaa juu ya mstari wa katikati. Nota ikikaa juu ya mstari, nukta yake haiwekwi kwenye mstari bali katika nafasi, kwa kawaida ile ya juu yake. Yeye alikuwa anaitafuta sambamba na kichwa cha nota. Tulipoinua macho kidogo tukaona kivuli cha kijivu katika nafasi ya tatu: nukta, imefifia kwa sababu simu ilizuia mwanga. Tena mdundo ukawa uleule wa kipimo kilichotangulia, jambo la kawaida katika mazoezi.

Angalia pia kinyume chake: nukta iliyo juu au chini ya kichwa cha nota haiongezi chochote. Hiyo inaagiza nota ipigwe kwa mkato. Ukiihesabu, kipimo kitafurika. Na uchafu wa kioo cha kamera unaweza kujifanya nukta. Ukiona doa lilelile kwenye picha nyingine uliyopiga siku hiyo, lifute kichwani.

Kipimo cha tatu hakikusumbua: thumuni, nusu thumuni mbili, robo, robo, jumla 12. Cha nne kilikuwa na kijiboksi cheusi kilichoning'inia chini ya mstari wa nne ukihesabu kutoka chini. Mwanafunzi aliandika 16, kwa sababu ndiyo alama ya kimya ya nota nzima. Lakini alama hiyo ikiwa peke yake katika kipimo maana yake ni "kipimo chote kimya", kiwe na mapigo mangapi. Katika 3/4 ni 12. Kijiboksi cha kimya cha nusu nota hukaa juu ya mstari wa tatu; picha ikiwa imeinama, viwili hivyo hufanana, kwa hiyo tazama kama kimening'inia au kimekaa.

Kipimo cha mwisho kilikuwa na nota moja, na jumla ikatoka 4. Upungufu wa 8 huu! Niliikagua: kichwa kilionekana cheusi, lakini weusi wenyewe ulikuwa mwepesi kuliko wa robo nyingine. Ilikuwa nusu nota ambayo tundu lake limezibwa na giza la picha. Basi ni 8, na bado pungufu 4. Hiyo 4 iko wapi? Ni ile robo ya mwanzoni tuliyoiacha pembeni. Muziki ukianza na kipimo pungufu, desturi ni cha mwisho kupunguzwa kiasi hichohicho, na viwili vikiunganishwa vinatimia 12. Kwenye jibu andika pigo 1 mwanzoni na mapigo 2 mwishoni, wala usichore alama ya kimya kujaza.

Kitu kimoja jumla haitakuambia kamwe ni tofauti ya 3/4 na 6/8. Zote zina thumuni sita, 12 kwa senti zetu. Karatasi ikikuuliza alama ya mapigo ambayo picha imeikata, tazama thumuni zilivyofungwa: mbilimbili ni 3/4, tatutatu ni 6/8. Na katika 6/8 ya mwendo wa haraka mwili husikia mapigo mawili makubwa, kila moja robo yenye nukta, ilhali karatasi nyingi za wanaoanza zinataka uandike 6. Soma mfano uliotatuliwa juu ya swali kabla hujaandika.