Umeme ulikatika Uyole, Flush+Reload ikaanza kunidanganya

Wale wenye praktiko ya kashe (ile memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) muhula huu, nisomeni kabla hamjapoteza siku tatu kama mimi. Nilikuwa nimejifungia geto Uyole, baridi ya Juni ile ya kuvaa soksi mbili, nafanya shambulio la Flush+Reload la Yarom na Falkner la 2014 dhidi ya AES ya majedwali niliyoiandika mwenyewe.

Kila jedwali ni baiti 1024, yaani laini 16 za kashe za baiti 64. Unaitoa laini moja kwenye kashe, unamwacha mhanga, yaani programu unayoishambulia, aenkripti mara moja, halafu unaisoma huku unapima muda. Ikija chap, mhanga kaigusa. Ikichelewa, imetoka ramu.

```c
t0 = __rdtscp(&a);
_mm_lfence();
(void)*(volatile char *)p;
t1 = __rdtscp(&a);
_mm_clflush(p);
```

Wewe na mhanga lazima mshee peji ileile ya memori, mi nilitumia `mmap` ya faili moja, ukikopi jedwali hutaona kitu.

Sasa utamu. Raundi ya kwanza inasoma jedwali la kwanza kwenye nafasi `p0 ^ k0`, yaani baiti ya kwanza ya matini XOR baiti ya kwanza ya ufunguo, nami naangalia laini 0 tu, baiti zingine za matini nazibadilisha ovyo. Biti nne za juu za p0 zikifanana na za k0, laini 0 inaguswa kila mara. Zisipofanana bado inaguswa sana, maana raundi 9 zinasoma jedwali hilo mara 36 (raundi ya mwisho ina jedwali lake), ila kama asilimia 10 hivi inaponyoka, ndo `(15/16)^35`, kwani ule usomaji mmoja wa p0 tayari umeenda laini nyingine. Kwa hiyo ukienkripti mara 200 kwa kila p0 ya `0x00`, `0x10` hadi `0xF0` unapata kama 20 za kuchelewa, isipokuwa p0 moja yenye sifuri. Kwangu ilikuwa `0xA0`, basi nusu ya juu ya k0 ni A.

Kesho yake umeme ukakatika, laptopu ikaenda betri, nikarudia, p0 zote zikachelewa! Nikashuka kukagua code siku tatu bure. Kumbe kwenye betri kori inapunguza kasi lakini kaunta ya `rdtscp` inaenda kasi ileile, so kusoma kulekule kwa haraka kunahesabiwa tiki nyingi zaidi na kukaruka mpaka wangu wa 100, ambao hata hivyo niliudesa kwa mshkaji.

Siku hizi kabla ya kila zoezi nasoma laini mara elfu ikiwa kwenye kashe, mara elfu ikiwa imetolewa, nachora, naweka mpaka katikati ya vile vilima viwili. Halafu namzima mhanga nijaribu tena: laini ikija chap wakati hakuna anayeigusa, ujue ni prosesa inavuta data mapema yenyewe, hasa ukipima laini zote 16 kwa mfuatano.

Na usimwahidi mwalimu ufunguo mzima. Laini moja ina nafasi 16, hivyo biti nne za chini za kila baiti hazionekani raundi ya kwanza, zinabaki 64, hizo kazitafute kwenye raundi ya mwisho.