Konsoli inawaka lakini haitoi picha: pini za HDMI na mwisho wa ufundi wa nyumbani

"Gemu inawaka vizuri, pedi inaunganika, ila TV inaandika No Signal. Nikisogeza waya picha inakuja kidogo halafu inapotea. Naweza kunyoosha pini mwenyewe kwa sindano?"

Mkuu, weka sindano pembeni kwanza. Jaribu waya mwingine na tundu jingine la TV. Hali ikibaki ileile, zima konsoli, chomoa umeme kabisa, kisha mulika ndani ya tundu kwa tochi. Utaona ulimi wa plastiki wenye pini 19, yaani 10 upande mmoja na 9 upande wa pili. Zinatakiwa kulala usawa mmoja na kuachana kwa nafasi sawa. Itafute iliyoinuka, iliyomlalia jirani au iliyorudi ndani.

Angalia sana za mwishoni. Pini ya 18 inapeleka volti 5 kwenye TV, na kupitia ya 19 TV inaijulisha konsoli kwamba ipo. Mojawapo isipogusa, konsoli inaona kama hakuna TV, hata kama nyingine zote ni nzima.

Halafu tikisa tundu taratibu kwa kidole. Likicheza, lehemu ya miguu yake imeachia kwenye bodi, na hapo kunyoosha pini hakusaidii kitu.

Pini moja iliyoinuka kidogo unaweza kuirudisha kwa ncha ya plastiki au mti, kidogo kidogo. Lakini chuma kilichokunjwa kimeshachoka, kinaweza kukatika au kupinda tena waya ukichomekwa. Mimi huhesabu hiyo kama njia ya kuokoa data, na dawa yenyewe ni kubadilisha tundu.

Kuna konsoli ya 4K niliyoletewa baada ya mtu kujaribu kung'oa tundu kwa nguvu. Niliweka tundu jipya, bado giza. Nikaweka multimita kwenye kipimo cha daiodi na kupima kila njia dhidi ya graundi. Njia za data zilisoma karibu sawa, isipokuwa moja iliyosoma OL, maana yake imekatika: kipande cha shaba chini ya pini kilikuwa kimebanduka na tundu la zamani. Niliunga kwa waya mwembamba kama unywele. Picha ikarudi, 1080p imetulia kabisa, ila ukiweka 4K inakatika-katika. Njia hizo huenda mbili mbili kwa kasi kubwa, na kiungo cha waya huharibu ulinganifu kati ya hizo mbili. Nilimwambia mwenye konsoli aiache 1080p.

Njia za data zikisoma karibu na sifuri, kuna shoti, na huenda chipu ya HDMI imeungua. Kwa hiyo kabla fundi hajaweka tundu jipya, mwombe apime njia zote, na muulize kama ana blowa ya hewa moto. Bodi hizi hunyonya joto sana, na pasi ya kulehemu peke yake ndiyo hubandua shaba.