Wadogo zangu wa kuhesabu biti, wekeni mabano jamani

Juzi nimepitia kodi za vijana watatu waliokuja fildi kwetu. Niliwapa kale kaswali ka siku zote, hesabu biti zenye moja kwa kila namba kuanzia 0 mpaka n, na usihesabu kila namba upya, tumia jibu la nusu yake. Wawili kati yao wamekosea palepale nilipokosea mimi miaka hiyo, herufi kwa herufi. Nikacheka, nikakasirika, halafu aibu yangu ya zamani ikarudi, ndo maana naandika.

1. Kabla ya kukariri fomula, chukua karatasi. Andika 13 kwa bainari, 1101. Funika tarakimu ya mwisho kwa kidole, inabaki 110, yaani 6, ambayo ndo 13 gawa kwa 2 ukatupa baki. Na ile uliyoifunika ndo baki lenyewe, 1 kama namba ni witiri na 0 kama ni shufwa. Kwahiyo 13 ina moja zote za 6, ambazo ni mbili, jumlisha hiyo ya chini ya kidole, jumla tatu. Na kwa kuwa lupu inapanda toka chini, ukifika 13 ile 6 ulishaijaza zamani, sasa rikasheni unaiitia nini?

```python
def hesabu(n):
    a = [0] * (n + 1)
    for i in range(1, n + 1):
        a[i] = a[i >> 1] + (i & 1)
    return a
```

2. Arei ni n + 1, sio n, maana na sifuri nayo ina kiti chake.

3. Kwenye Python mkwaju mmoja unakupa desimali hata kama namba inagawanyika sawasawa, na desimali haiwi indeksi, utapigwa `TypeError`. Tumia `//` au `>>`.

4. Sasa mabano. Hapa nivumilieni.

Nilikuwa kwenye intavyu, kazi naitaka kweli, shati nimeazima. Nikapewa swali hili hili nikajisemea moyoni leo nimetoka. Nikaandika mstari huu:

```python
a[i] = a[i >> 1] + i & 1
```

Nikarani na n = 2, ikatoka [0, 1, 1]. Sahihi kabisa. Nikaegemea kiti nikasema "imekubali" kwa sauti ya mtu mwenye mshahara tayari. Yule dada aliyekuwa ananisaili akasema kwa upole, jaribu 5. Ikatoka [0, 1, 1, 0, 1, 0]. Yaani 3, ambayo ni 11 mchana kweupe, haina moja hata moja!

Mngeniona. Nikaanza kuishuku fomula yenyewe, nikafuta `>>` nikaweka `//`, jibu lilelile, nikabadilisha mwanzo wa lupu, lilelile, nikaanza kumwelezea kwamba labda kwa namba witiri kuna kesi maalumu, naongea tu huku jasho linatiririka kwenye shati la watu. Dakika kumi nzima. Kumbe `+` inashika kwanza kuliko `&`, kwahiyo kompyuta ilikuwa inajumlisha `a[i >> 1] + i` yote, halafu ndo inachukua biti ya mwisho ya hiyo jumla. Kwa 3 ni 1 + 3, unapata 4, biti yake ya mwisho 0, kwisha habari. Kwa 1 na 2 inapatia kwa sababu majibu yao ni 1 tu, kosa halina pa kuonekana. Kazi sikupata, na shati nilirudisha.

Dalili yake ni hii, arei nzima haina 2 hata moja, ni 0 na 1 mwanzo mwisho. Na wala sio takataka, inakwambia kama idadi ya moja ni witiri au shufwa, ila hujaulizwa hilo. Hata swali la 338 la LeetCode mfano wake wa kwanza ni n = 2, mtego uleule, kwahiyo jaribu mpaka 7 angalau, mwisho lazima usome 3.

5. Ukiulizwa namba moja tu usijenge jedwali zima, `bin(x).count("1")` inatosha.

Yule kijana wa tatu aliyepatia, nilimsifia mbele ya wenzake kabla sijaangalia vizuri. Aliandika `a[i >> 1] + i % 2`, na `%` yenyewe inashika kabla ya `+`, kwahiyo imekubali. Nikamuuliza mabano je, akanijibu, "Kwani yalikuwa yanatakiwa, bro?"