Kumkata mwendesha boda boda kutoka kwenye picha iliyopigwa akiwa mwendoni

Mwaka jana niliandaa bango lililohitaji picha ya boda boda ikipita kando ya Ngong Road. Nilikuwa nimesimama na kamera bila kuifuatisha na pikipiki, shata ikiwa 1/30 ya sekunde, kwa hiyo ukuta wa nyuma ulitoka wazi na mwendeshaji akatoka na michirizi ya mwendo. Mteja aliipenda michirizi hiyo, lakini alitaka ukuta uondolewe na badala yake iwekwe rangi ya samawati iliyokolea.

Jaribio langu la kwanza katika Photoshop lilikuwa kumzungushia mwendeshaji mstari kwa Pen Tool na kukata pale rangi ya koti inapoishia. Juu ya samawati, utando mweupe wa ukuta ulijitokeza mbele ya kifua na nyuma ya mgongo. Nikajaribu Feather ya pikseli 20, na hali ikazidi kuharibika, kwa sababu Feather hulainisha ukingo pande zote kwa kiasi kimoja, ilhali mwendo ulikuwa wa upande mmoja tu. Sehemu bapa ya juu ya kiti, ambayo katika picha ilikuwa kali kwa kuwa imelala sambamba na mwendo, ikageuka ukungu.

Tangu siku hiyo huanza kwa kupima mchirizi wenyewe. Tafuta nukta ndogo inayong'aa, kwa mfano mmeto wa jua kwenye helmeti, uikuze, kisha uipime kwa Ruler Tool. Mmeto wangu ulikuwa mstari wa pikseli 60, ulioinama kidogo kufuata mteremko wa barabara. Pikipiki yenye urefu wa mita 2 hivi ilichukua pikseli 720, kwa hiyo pikseli 60 ni kama sentimita 17, umbali ambao chombo kinachokwenda kilomita 18 kwa saa hupita katika 1/30 ya sekunde. Kipimo kilikubalika.

Chora umbo la mwendeshaji lenye ukingo mkali kwenye Layer Mask, yaani barakoa inayoficha sehemu za tabaka bila kuzifuta, lakini usichore pale rangi inapotoweka kabisa. Mbele na nyuma, ingia ndani kwa nusu ya mchirizi, yaani pikseli 30, na juu na chini ufuate ukingo ulivyo. Kisha, ukiwa umechagua barakoa hiyo na si picha yenyewe, tumia Filter > Blur > Motion Blur, ukiweka Distance 60 na pembe uliyoipima. Ukingo wa mbele utafifia taratibu katika pikseli 60, nusu ndani na nusu nje ya mstari uliouchora, na kiti kitabaki kikali. Kioo cha pembeni ndicho huwakosesha wengi. Kikono chake kilionekana na upana wa pikseli 75, lakini ukitoa 60 za mwendo, upana wake halisi ni 15. Nilikichora hivyo katikati ya mchirizi wake, na kichujio kikakipa robo tu ya uzito, sawasawa na kilivyokuwa kwenye picha, kwa maana hakuna sehemu iliyofunikwa na kikono hicho kwa zaidi ya robo ya muda ambao shata ilikuwa wazi.

Barakoa peke yake haitoshi, na hapa ndipo ninapoomba msomaji asiwe na haraka. Katikati ya ukingo, kila pikseli ni nusu koti na nusu ukuta. Barakoa ikiipunguza nusu tena, koti linabaki robo, ukuta wa zamani robo, na samawati nusu. Uwazi umehesabiwa mara mbili, na ile robo ya ukuta ndiyo utando mweupe unaoonekana. Kwa hiyo, chini ya barakoa rangi inapaswa kuwa ya koti kamili. Fungua tabaka jipya juu ya mwendeshaji, ulifunge kwake kwa Create Clipping Mask, chukua rangi ndani ya koti mahali ambapo mchirizi haujafika, kisha upake kuelekea nje kwa kufuata mwendo, koti kwa rangi ya koti, suruali kwa rangi ya suruali. Decontaminate Colors hufanya jambo linalofanana na hilo na husaidia kwenye nywele, lakini kwa mchirizi mpana kama huu naiamini brashi zaidi.

Mwisho, weka nyeusi tupu nyuma yake, kisha nyeupe tupu. Ukingo ukiwaka juu ya nyeusi, rangi ya ukuta bado imo. Ukionekana mfupi kuliko mmeto wa helmeti, Distance ni ndogo. Magurudumu niliyaacha mwisho kabisa, kwa kuwa ukuta huonekana pia kati ya spoksi zinazozunguka, na hapo nililazimika kuondoa rangi yake kwa mkono, pengo baada ya pengo.